Kontra inasema "mtoa huduma", barua ya preavi inasema "mfanyakazi": nani anasema kweli?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, watu wengi wanafanya kazi miaka na miaka kwa karatasi inayoitwa kontra ya utoaji wa huduma. Kuna machofa, mafundi wa mashine, watunza bohari, wapishi wa gesti, hata watu wa kompyuta. Kwenye karatasi mtu huyo si mfanyakazi, ni konsulta au mtoa huduma. Mwisho wa mwezi anapeleka faktire, analipwa, basi. Hana likizo, hana CNSS, na siku kazi inakwisha anaambiwa tu: kontra yako imefika mwisho, asante.

Lakini mara moja moja inatokea barua ya namna nyingine. Mkubwa wa kazi anamwandikia huyo "mtoa huduma" barua ya kumwachisha, na ndani ya barua anamhesabia preavi kama vile Kode ya Kazi inavyotaka kwa mfanyakazi. Anaandika wazi kwamba, hata kama karatasi iliitwa hivi na hivi, hali halisi ya kazi ilikuwa ya mfanyakazi na bosi wake. Anayepokea barua kama hiyo anashangaa. Wengine wanadhani ni kosa la sekretari. Si kosa. Ni barua yenye uzito mkubwa, na inafaa kuisoma mstari kwa mstari, maana mara nyingi inatoa haki kwa mkono mmoja na kuipunguza kwa mkono wa pili.

Jina la karatasi na hali ya kazi

Sheria inayotawala jambo hili ni Kode ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Katika kifungu cha 7, Kode inaeleza kontra ya kazi ni nini. Ni mapatano yoyote, ya kuandikwa au ya mdomo, ambayo kwayo mtu anakubali kumfanyia mwingine kazi, ya mikono au nyingine, chini ya uongozi na mamlaka ya huyo mwingine, na kwa malipo.

Mambo ni matatu: kazi, malipo, na kuwa chini ya amri. Mawili ya kwanza hayatenganishi kitu. Fundi mwenye atelie yake naye anafanya kazi na analipwa. Kinachotenganisha ni la tatu. Nani anapanga saa? Nani anasema leo fanya hiki, kile acha? Nani anaweza kumwadhibu mwenzake akichelewa? Jibu la maswali hayo ndilo linaloonyesha kama mtu ni mfanyakazi, na jina lililopigwa kwa herufi kubwa juu ya kontra halibadilishi jibu.

Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba, ili kujua kama mtu ni mfanyakazi, haiangaliwi hadhi ya kisheria ya mkubwa wa kazi wala ya anayefanya kazi. Kwa hiyo ONG, duka, parokia au mtu binafsi, wote ni sawa hapo. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika pendekezo lake namba 198 la mwaka 2006, linaeleza kwamba uhusiano wa kazi utambuliwe kwanza kwa matendo, namna kazi inavyofanyika na namna mtu anavyolipwa, hata kama wahusika waliupa jina lingine ndani ya mapatano yao.

Mfano: fundi wa jenereta

Chukua mfano ambao haulengi shirika lolote lenye jina, lakini watu wa Bunia, Beni ao Uvira watautambua mara moja. Fundi mmoja alianza kutunza jenereta mbili za ofisi fulani tarehe 1 Machi 2020. Alipewa kontra ya utoaji wa huduma ya miezi 6. Ilipokwisha, alipewa nyingine ya miezi 6, na nyingine, mpaka zikafika 10. Ya mwisho, ya 11, ilikuwa ya miezi 3 tu, toka 1 Machi hadi 31 Mei 2025, sababu mfadhili alikuwa amesimamisha feza. Malipo yake yalikuwa dola 520 kwa mwezi, bila kubadilika kama jenereta zimeharibika mara kumi au hazikuharibika hata mara moja.

Tuangalie maisha yake ya kila siku pale ofisini. Anaingia saa moja na nusu asubuhi, anasinya kwenye lisiti ya kuhudhuria kama wengine wote. Mkubwa wa lojistiki anampa kazi za siku: vidanje ya jenereta kubwa, kisha kubadilisha taa za stoo, kisha kusindikiza mazutu kutoka depo. Funguo za kufungulia bulo ni za ofisi, jile ni ya ofisi, baji ina nembo ya ofisi. Akifiwa, anaandika barua ya kuomba ruhusa na anangoja jibu. Siku moja alituma mdogo wake aje kuwasha mashine mahali pake, santinele akamrudisha mlangoni, na kesho yake fundi akapewa barua ya maonyo. Hana kliya mwingine, maana jioni na Jumamosi simu inaweza kulia muda wowote. Na ile faktire ya mwisho wa mwezi? Inatengenezwa na sekretari wa ofisi, yeye anasinya tu.

Hiyo barua ya maonyo ni karatasi ndogo lakini inasema mengi. Mtu anayeuza huduma haadhibiwi, anakatiwa malipo au anatafutiwa mwingine. Kumwandikia maonyo ni kutumia mamlaka ya bosi. Fundi alikuwa ameificha kwa haya. Kumbe ni moja ya karatasi za maana kuliko zote alizo nazo.

Mweke pembeni fundi mwingine, mwenye atelie barabarani. Huyu ana namba ya kodi, ana vyombo vyake, anatengeneza jenereta za hoteli, za kanisa na za ofisi ileile. Anaitwa mashine ikikufa, anasema bei, anakubali au anakataa, anaweza kumtuma kijana wake. Akikosea, anarudia kazi kwa gharama yake. Huyo ni mtoa huduma wa kweli, hata kama amekuja pale ofisini kwa miaka 10. Muda mrefu peke yake haugeuzi mtu kuwa mfanyakazi. Kuna pia watu wa katikati, kama mtu wa hesabu anayekuja siku 3 kila mwezi kwa vitabu vya ofisi na siku zingine yuko kwa wengine. Kwa watu wa namna hiyo mambo si mepesi, na majaji wanaweza kuamua huku au kule kufuatana na alama zilizo nyingi zaidi. Kwa fundi wetu wa kwanza, karibu kila alama inaelekea upande mmoja.

Barua yenyewe

Jumamosi tarehe 31 Mei 2025 fundi anaitwa ofisini na kupewa barua. Inaeleza kwamba mradi umekosa feza na kazi yake inakoma. Halafu kunakuja maneno ambayo hakuyategemea: kwamba, baada ya kuchunguza namna kazi ilivyofanyika, yaani saa zilizopangwa, maagizo ya kila siku, vyombo vya ofisi na malipo ya kila mwezi, ofisi inaona uhusiano huo ulikuwa kwa kweli uhusiano wa kazi. Kwa hiyo anapewa preavi ya siku 14 za kazi kufuatana na Kode, italipwa kwa feza, na siku hiyohiyo arudishe baji na funguo.

Kwa nini mkubwa wa kazi akubali jambo kama hilo mwenyewe? Mara nyingi si huruma. Avoka wake amemwonyesha kwamba kesi ikifika mbele ya majaji, jina la karatasi halitamkinga. Kumwachisha mtu bila preavi na bila sababu kunagharimu zaidi. Barua yenye preavi na sababu inapunguza hatari. Wakati mwingine pia wakaguzi wa hesabu wa mfadhili wamepita, wakaona mtu mmoja ana faktire zaidi ya 60 za bei ileile, wakauliza maswali.

Kwa fundi, faida ya kwanza ya barua ni ushahidi. Kama ofisi imeandika na kutia muhuri kwamba uhusiano ulikuwa wa kazi, itakuwa vigumu kesho kusema mbele ya inspekta kwamba alikuwa mfanyabiashara wa nje. Barua hiyo inapaswa kupigwa fotokopi siku hiyohiyo, orijino ikae nyumbani mahali pakavu.

Lakini barua ina kasoro, na iko ndani ya namba. Siku 14 zimetoka wapi? Kode, katika kifungu cha 64, inasema preavi inayotolewa na mkubwa wa kazi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na inaongezwa siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa huduma ya mfululizo, ukihesabiwa toka tarehe mpaka tarehe. Ofisi imehesabu kontra ya mwisho tu, ile ya miezi 3. Ndani yake hakuna mwaka mzima hata mmoja, basi ikabaki na 14 za msingi.

Hapo barua inajipinga. Ilipoeleza hali halisi, ilitazama kazi yote: miaka ya kusinya lisiti, miaka ya kupokea maagizo. Ilipofika kwenye kuhesabu, ikarudi kwenye karatasi na kusahau hali halisi. Haiwezekani kushika njia zote mbili. Kama hali halisi ndiyo inayoongoza, basi huduma ilianza tarehe 1 Machi 2020.

Kode inaunga mkono hesabu hiyo kwa njia nyingine tena. Kifungu cha 41 kinasema kontra ya muda maalum haiwezi kupita miaka 2, na kwamba mfanyakazi hawezi kufunga na mkubwa wa kazi yuleyule kontra za muda maalum zaidi ya 2, wala kuirudilia moja zaidi ya mara 1. Kuna ruhusa kwa kazi za msimu na kazi zenye mwisho unaojulikana, kama kujenga ukuta fulani. Ukivuka mipaka hiyo, kontra inakuwa moja kwa moja ya muda usio na mwisho. Kifungu cha 42 nacho kinataka kontra ya muda usio na mwisho kwa kazi ya kudumu ndani ya shirika. Kutunza jenereta za ofisi inayofanya kazi kila siku si kazi ya msimu. Fundi wetu alikuwa na kontra 11. Kwa hiyo akishatambuliwa kuwa mfanyakazi, zile karatasi 11 zinakuwa kontra moja.

Toka 1 Machi 2020 hadi 31 Mei 2025 ni miaka 5 mizima na miezi 3. Ile miezi 3 haihesabiwi. Siku 14 za msingi, ongeza mara 5 siku 7, yaani 35: jumla ni siku 49 za kazi. Fundi anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, na hapa mwezi unahesabiwa kwa siku 26 za kazi. Dola 520 ukigawa kwa 26 unapata dola 20 kwa siku. Siku 49 ni dola 980. Ofisi ilitaka kumpa siku 14, yaani dola 280. Tofauti ni dola 700, na hiyo ni karibu mwezi mmoja na nusu wa mshahara ambao mstari mmoja wa barua ulikuwa umeufuta.

Mkubwa wa kazi atasema nini juu ya neno "mfululizo"? Atasema mfululizo ulikatika. Mwezi Septemba 2022, kontra mpya ilichelewa, ikasinywa tarehe 19 tu, na faktire ya mwezi huo ikaandikwa nusu. Kuna ofisi zinazoacha pengo kama hilo makusudi, siku chache kati ya kontra na kontra, ili hesabu ianze upya. Hapa fundi ana jibu ambalo hakuna avoka angelitunga: kitabu cha mashine. Kila jenereta ina daftari ambamo kila asubuhi kunaandikwa namba ya saa kwenye kaunta, litre za mazutu na sahihi ya aliyeiwasha. Toka tarehe 1 hadi 18 Septemba 2022 sahihi ni yake, siku kwa siku. Pengo lilikuwa la karatasi, mashine hazikulala. Na zile siku 18 alizofanya bila kulipwa? Hizo ni habari nyingine, tutazigusa chini.

Kitu barua haikusema

Ofisi iliyokubali kwamba mtu ni mfanyakazi haiwezi kukubali kwa ajili ya preavi peke yake. Yale mengine yanafuata.

Ya kwanza ni sababu. Kifungu cha 62 kinakataza kuvunja kontra ya muda usio na mwisho bila sababu halali, inayotokana na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shirika. Na sababu hiyo lazima iandikwe ndani ya barua. Feza za mfadhili kukatika kunaweza kuwa sababu ya aina ya tatu. Mwaka 2025 miradi mingi ya msaada ilifungwa, na hilo kila mtu huku alilisikia. Hata hivyo neno halitoshi kama wiki mbili baadaye ofisi ileile inaajiri fundi mwingine kwa jenereta zilezile. Sababu ikionekana si ya kweli, kifungu cha 63 kinafungua njia ya mfanyakazi kurudishwa kazini, au, hilo likishindikana, kulipwa fidia inayopangwa na majaji, isiyopita miezi 36 ya malipo yake ya mwisho. Wengi wanashika hiyo namba 36 kama ahadi. Si ahadi, ni kilele, na jaji anaweza kutoa kidogo sana. Kwa fundi wetu, ikiwa mradi umefungwa kweli na jenereta zimezimwa, ni afadhali asiweke nguvu zake zote hapo.

Ya pili ni likizo. Kwa mtu mzima, Kode inatoa angalau siku 1 ya kazi ya likizo kwa kila mwezi mzima wa huduma, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 kwa mkubwa wa kazi yuleyule. Fundi hakuenda likizo hata mara moja, maana "mtoa huduma" hana likizo. Kwa mwaka wa mwisho tu, ukichukua siku 12 na ile moja ya nyongeza, ni siku 13, yaani dola 260. Miaka ya nyuma nayo inaweza kudaiwa, lakini hapo muda wa sheria unaanza kupigana naye.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo watu wanaisahau: CNSS. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara. Mkubwa wa kazi anatoa 13, mfanyakazi 5 zinazokatwa kwenye malipo yake. Kama dola 520 zote zinahesabiwa kuwa mshahara, mchango ni dola 93,60 kila mwezi, na kati yake 67,60 ni za mkubwa wa kazi. Kwa miezi 63 jumla inafika dola 5.896,80. Linganisha na dola 980 za preavi, ndipo utaelewa kwa nini barua ilinyamaza.

Hapa lazima kuwa waangalifu. Feza hiyo haiingii mfukoni mwa fundi. Inaenda kwenye Kesi, na kwake inakuwa miezi iliyoandikwa kwa jina lake kwa ajili ya pansioni, au kinga kama angepata ajali kazini. Anayefika mbele ya inspekta akidai apewe mkononi dola 5.896 za CNSS anaharibu faili yake nzuri kwa kuomba kitu ambacho hakipo. Anachoomba ni kutangazwa kwenye CNSS kwa miezi yote 63, na mkubwa wa kazi alipe michango iliyobaki nyuma.

Njia ya kufuata

Kosa la kwanza linatokea siku ileile ya barua. Mtu anapewa karatasi ya pili, anaambiwa asinye ili apate zile dola 280, na chini imeandikwa kwamba amepokea haki zake zote na hadai tena kitu. Fundi ana watoto, anasinya. Kode inasema maneno ya namna hiyo hayamfungi mfanyakazi anayeachilia haki zake, basi aliyesinya asikate tamaa. Lakini ni vizuri zaidi kuandika kwa mkono wake, juu ya sahihi: nimepokea dola 280, sikubali hesabu. Maneno hayo machache yanaepusha mabishano ya miezi.

Kisha anaiandikia ofisi barua ya kujibu. Haihitaji kuwa ndefu. Inaanza na yale ambayo ofisi imekubali, kwa maneno ya ofisi yenyewe, halafu inaonyesha tarehe ya kuanza, kontra 11, hesabu ya siku 49, na kuomba tofauti ya dola 700, likizo, kutangazwa CNSS na cheti cha mwisho wa kazi. Inapelekwa kwa kopi mbili, moja inarudi na muhuri wa kupokelewa. Matusi na historia ya namna mkubwa wa lojistiki alivyomdharau mwaka 2021 hayana nafasi mle.

Ofisi ikikaa kimya au ikikataa, njia inapita kwa inspekta wa kazi wa eneo. Hakuna kuruka. Kifungu cha 298 kinasema mgogoro wa mtu mmoja na mkubwa wake haupokelewi mbele ya Tribinali ya Kazi kama haukupitia kwanza mapatanisho mbele ya inspekta. Watu wengine wanatoa feza kwa avoka, wanakimbilia tribinali, na kesi inarudishwa mlangoni kabla hata ya kusikilizwa. Inspekta anaita pande zote mbili. Wakisikilizana, anaandika prose-verbali ya mapatano. Wasiposikilizana, anaandika prose-verbali ya kutopatana, na hiyo karatasi ndiyo ufunguo wa tribinali. Asiondoke bila kopi yake.

Mbele ya inspekta, fundi anabeba nini? Kode haimlazimishi kuwa na kontra ya kazi iliyoandikwa. Anaweza kuonyesha kwa njia zote za sheria kwamba kontra ilikuwako. Kwa hiyo: barua ya preavi, zile kontra 11, faktire zake zenye bei moja, picha ya lisiti ya kuhudhuria, barua ya maonyo, ombi la ruhusa lenye sahihi ya mkubwa, ujumbe wa simu wa "kuja haraka, mashine imezima", na kurasa za kitabu cha mashine za Septemba 2022. Kitabu chenyewe ni mali ya ofisi, asikibebe. Kukibeba kunaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa wa wizi. Picha inatosha, na anaweza kuomba inspekta akitake kitabu mwenyewe. Mashahidi nao wanasaidia, hasa santinele wa zamani ambaye haogopi tena kufukuzwa.

Kuhusu muda: madai yanayotokana na kontra ya kazi yanakufa baada ya miaka 3 toka jambo lilipotokea, lakini madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 toka siku ulipopaswa kulipwa. Ndiyo maana zile siku 18 za Septemba 2022 hazitaleta feza tena mwaka 2025. Bado zinaleta ushahidi wa mfululizo, na kwa fundi huo mfululizo una thamani kuliko malipo ya siku zenyewe. Preavi iliyokatwa Mei 2025 iko hai, lakini asingoje hadi mwaka wa tatu, maana mashirika yanafunga ofisi, wakubwa wanahamishwa, na hukumu dhidi ya nyumba tupu haimlipi mtu.

Kwa wale ambao hawana hata kontra ya utoaji wa huduma, wanaoitwa kila asubuhi kwa kazi ya siku, kifungu cha 40 kina kipimo chao: mtu akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2 kwa mkubwa yuleyule, na akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, kontra mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Anayebeba mifuko kwenye depo aanze kuandika tarehe zake kwenye kikaratasi, na kila mara aweke jina la aliyemlipa.